Naombeni msaada wa kepsheni, jirani yangu kahitimu na picha ni yeye, mimi na mama yake

jirani_wa_Mbagala
Habarini humu ndani. Nina rafiki yangu tumepanga nyumba moja miaka saba sasa, jina tumpe Neema (sio lake), ni mwalimu wa shule ya msingi, juzi kahitimu Chuo Kikuu Huria baada ya kusoma miaka 6 huku anafundisha. Nilienda nae mahafali tukapiga picha ya watatu, yeye na joho, mama yake na mimi pembeni nimeshika lile shada la maua ya plastiki tulilouziwa getini. Nataka niiweke Instagram nimtagi, ila kila nikiandika naona kama nimeshaisoma sehemu. Hii ndo niliyonayo:

"Hongera sana kipenzi, hatimaye umeweza, haikuwa rahisi ila Mungu ni mwema, akupandishe viwango hadi viwango, waliokucheka leo wanyooke. Tunajivunia wewe."

Niambieni ukweli, msinionee huruma.

fundi_redio
Hiyo unaweza kumuandikia mtu yeyote duniani, hata aliyenunua bodaboda

Mama_Twins_Kigamboni
Hahaa fundi mbaya wewe. Ila kweli dada, na hao waliomcheka ni akina nani? Maana ukiandika hivyo ndugu zake wote wataanza kujiangalia, shangazi wa watu aliyemwambia siku moja "acha kwanza kusoma upumzike" ataona anasemwa yeye, hongera igeuke kesi ya ukoo

jirani_wa_Mbagala
Kiukweli hakuna aliyemcheka, nimeandika tu kwa sababu naonaga wote wanaandika hivyo

Mzee_wa_Kapu
Mimi binti yangu anamaliza la saba mwaka huu, hivi sherehe ya kumpongeza nifanye siku ileile ya mahafali ya shule au nisubiri matokeo? Na kadi za mchango mnachapisha wapi kwa bei nzuri

fundi_redio
Mzee hapa tunaongelea maneno ya chini ya picha, sio kadi

Mzee_wa_Kapu
Sawa ila nijibiwe pia

karani_mstaafu
Jirani, mimi nimefanya kazi ya kuandika hotuba za wakubwa na risala za kuagana ofisini miaka mingi, hotuba na kepsheni ni vitu viwili lakini ugonjwa wake ni mmoja, mtu anaanza na sifa badala ya kuanza na kitu alichokiona. Weka pembeni hilo neno hongera kwanza, litakuja lenyewe. Niambie, katika hiyo miaka sita wewe kama jirani umemuona Neema akifanya nini ambacho mwanafunzi mwenzake hajakiona wala mwalimu mkuu wake hajakiona? Usinijibu "alijituma". Nijibu kitu chenye mahali na saa.

jirani_wa_Mbagala
Mh. Jiko letu ni la pamoja kwa nyumba ila yeye ana kajiko kake kadogo upande wa nyuma, mlango wa mbao. Alikuwa anaandika noti kwenye karatasi anazibandika kwa selotepu ule mlango kwa ndani, basi ukiingia kuomba chumvi unamkuta anasonga ugali macho yapo mlangoni mdomo unatembea. Kuna karatasi moja ya saikolojia ya elimu ilirukiwa na mafuta ya samaki ikawa na doa kubwa la njano, hakuibandua hadi mtihani ukapita, alisema akiiandika upya atasahau kitu kilipo. Mtihani alikuwa anaenda kufanyia kituo cha Temeke. Halafu saa kumi na moja alfajiri yupo kituo cha daladala na fuko la madaftari ya watoto.

karani_mstaafu
Sasa kepsheni unayo. Hilo doa la mafuta peke yake linashinda viwango hadi viwango vyote.

Mama_Twins_Kigamboni
Jamani nimeipenda, yaani nimemuona kabisa

jirani_wa_Mbagala
Haya nimekaa nayo usiku nikaandika hivi, ndefu kidogo mnivumilie:

"Leo nina furaha sana kwa ajili ya rafiki yangu Neema. Nilimfahamu 2018 nikiwa ndo nimehamia. Nilimshauri asome maana niliona ana uwezo. Mume wake alipoondoka nilikuwa nae bega kwa bega, nilimkopesha elfu 80 ya ada alipokwama, ulipokamata sapu ya takwimu ulilia sana nikakwambia usikate tamaa. Ulikuwa unabandika noti kwenye mlango wa jiko huku unapika. Leo amepata digrii yake, Mwalimu Mkuu mtarajiwa, Afisa Elimu wetu. Nakupenda sana jirani yangu."

fundi_redio
Dada, aliyehitimu ni nani hapo

karani_mstaafu
Fundi ameuliza kwa ukali ila swali ni la haki. Chukua kalamu hesabu vitenzi vyako vinaanza na nini. Nina, nilimfahamu, nikiwa, nimehamia, nilimshauri, niliona, nilikuwa, nilimkopesha, nikakwambia, nakupenda. NI- kumi. Neema anapata nafasi yake mwishoni mwishoni, na hata huko anapokwama wewe ndo unakuja kumuokoa. Sikukatazi kuwepo, upo kwenye picha, lakini uwepo kama shahidi, usiwe mfadhili. "Nilikuwa naingia kuomba chumvi nakukuta..." hiyo NI- haina ubaya kwa sababu macho ya msomaji yanakwenda kwake.

La pili umeanza kumsema (rafiki yangu, nilimfahamu, mume wake), katikati ukageuka unaongea nae (ulipokamata, ulilia), ukarudi kumsema tena (amepata), ukamalizia nakupenda. Chagua moja. Kwa kuwa unamtagi na yeye ndo wa kwanza kuisoma, ongea nae, u- mwanzo mwisho. Ukiwa unatangaza kwa ukoo au kikundi cha kanisani ndo unatumia a-.

jirani_wa_Mbagala
Uwii nimehesabu kweli kumi, aibu yangu. Ile ya u- na a- hata sikuiona

Shemeji_Kitwana
Hiyo elfu 80 umeitaja ya nini? Ulishalipwa au ndo unakumbushia?

jirani_wa_Mbagala
Nililipwa zamani jaman

Shemeji_Kitwana
Basi imetoka kwenye kitabu, itoe na kwenye picha

Mtumishi_Kanda_ya_Ziwa
Mimi nigusie lingine ambalo hamjaligusa. Huyo ni mwalimu wa serikali? Kama ni wa serikali muulize kwanza kama alisoma kwa ruhusa ya maandishi ya mwajiri. Wengi wanasoma kimyakimya jioni na wikendi, wanasema watamalizana mbele ya safari, halafu akipeleka cheti ili abadilishiwe muundo anaulizwa barua ya ruhusa iko wapi. Sasa wewe unabandika "kasoma miaka sita huku anafundisha" na kama beji ya shule inaonekana kwenye picha, umemtangulia mwenyewe kujieleza. Na hayo ya Mwalimu Mkuu mtarajiwa na Afisa Elimu, tafadhali futa. Shahada haimpi mtu cheo, inampa sababu ya kuandika barua, baada ya hapo anasubiri. Na ana mwalimu mkuu aliyepo hai ambae anaingia Instagram kama sisi.

jirani_wa_Mbagala
Hilo hata sikuliwaza. Nitamuuliza.

Kaka_wa_Ukonga
Huyo wa Kanda ya Ziwa anaongea ukweli, mimi ilinikuta kwenye kupandishwa cheo sio kuhitimu. Tulikuwa ofisi moja ya binafsi, mwenzangu akaniambia Alhamisi jioni kwamba kaitwa, anakuwa msimamizi wa zamu, barua Jumatatu. Mimi kwa furaha usiku uleule nikamuweka stetasi, picha yake kavaa tai, "hongera bosi mpya". Kumbe yule msimamizi wa zamani alikuwa hajaambiwa kama anahamishwa, kaijua habari yake kwenye stetasi yangu. Cheo jamaa alipata, ila barua ilichelewa wiki tatu na hadi leo akinitania huwa sijui kama anatania. Toka siku hiyo cheo cha mtu siandiki mpaka yeye mwenyewe aweke kwanza.

Mama_Twins_Kigamboni
Pole kaka. Ila kuhitimu si siri, jina lipo kwenye kitabu cha mahafali kabisa

Kaka_wa_Ukonga
Jina sawa. Sapu je? Mume je?

BintiSaidi
Na hapo ndo pa kukaa dada. Mume kuondoka usiguse hata kwa mafumbo, hata ile "pamoja na uliyoyapitia" usiandike, maana watu wa nyumba wataelewa na wa mbali wataanza kuulizana chini ya picha, "kapitia nini tena?" halafu aje ashinde siku yake ya furaha anajibu maswali ya mume. Hiyo sio ya kwako kuisimulia.

mchovu_wa_bumu
Mume sawa atoke. Lakini sapu iachwe! Mimi nilikamata sapu mbili na kukeri moja, na nilichokuwa natafuta siku zote ni mtu mmoja tu aseme hadharani kwamba alikamata akafika. Kila picha ya mahafali ni kama wote walifaulu kwa kuteleza. Sapu ya takwimu ndo inafanya hiyo miaka sita iwe na maana.

BintiSaidi
Si aseme mwenyewe? Wewe sapu zako umezitaja hapa kwa jina la kificho

mchovu_wa_bumu
Hapo umenipiga. Ila bado nasema iachwe

Wakili_Bado
Nichomekee kitu kwenye majina ya heshima. Mimi nilipohitimu shahada ya sheria binamu yangu alinitagi "wakili msomi". Wenzangu wakaanza kunicheka palepale, kwa sababu baada ya shahada kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, kuna mitihani yake, halafu ndo uapishwe na kuingizwa kwenye orodha ya mawakili. Kujiita wakili kabla ni kosa kisheria na mimi sikujiita, nimeitwa, lakini jina lililopo chini ya picha ni langu. Ikabidi nimuombe abadilishe akaona namletea maringo. Kwa hiyo jirani, muulize jina kamili la alichotunukiwa. Watu wanachanganya sana stashahada na shahada, mtu ana stashahada anaandikiwa digrii, anabaki anajibu asante huku roho inamsuta.

jirani_wa_Mbagala
Ni shahada, stashahada alikuwa nayo toka zamani. Shahada ya Elimu.

karani_mstaafu
Basi iandike hivyohivyo, Shahada ya Elimu, Chuo Kikuu Huria. Jina kamili la kitu linabeba heshima kuliko "digrii yake" na kuliko vyeo vya kubuni. Liweke mara moja tu.

dogo_wa_mtandao
Msisahau Instagram inakata kepsheni, watu wanaona mstari wa kwanza na kidogo cha pili, herufi kama 120 hivi, zilizobaki hadi wabonyeze. Kwa hiyo usianze na "Leo nina furaha sana kwa ajili ya rafiki yangu", umeshamaliza nafasi na hujasema kitu. Anza na mlango. Na ukishaposti haibadilishiki kwa hiyo hakikisha. Ila raha yake ukimtagi tu marafiki zake wote wanaiona.

fundi_redio
Dogo mstari wa kwanza umepatia, mengine mawili hapana. Kepsheni unaihariri muda wowote, itaandikwa tu kwamba imehaririwa. Na kutagi hakufungui akaunti, kama ya jirani imefungwa, watakaoiona ni wafuasi wake yeye tu, mama Neema na walimu wenzake hawaioni hata atagiwe mara kumi. Feisibuku ndo tofauti, kule ukimtagi mtu kwa kawaida marafiki zake nao wanaiona, na ndo maana kule uwe makini zaidi.

jirani_wa_Mbagala
Yangu imefungwa kweli. Nifungue leo? Mh nina picha za watoto mle

fundi_redio
Usifungue. Mtumie picha na maneno yeye apostie kwake akutagi wewe, au weka kwako ajue kwamba ni kwa watu wako tu.

Otieno_wa_Kisumu
Sisi huku Kenya tukifanya graduesheni tunasema mtu amepewa pawa ya kusoma, basi kila kepsheni ni hiyo hiyo pawa ya kusoma, hadi imechosha. Lakini maze hiyo stori ya mlango wa jikoni imenibamba, kama ningeandikiwa hivyo ningeifremu. Swali langu, mama yake mbona hayuko kwenye kepsheni na yuko kwa picha?

jirani_wa_Mbagala
Otieno asante, umenikumbusha. Alipotoka ukumbini mama yake alivua khanga ya begani akaitandika chini pale kwenye changarawe, akamwambia pita. Khanga yenyewe imeandikwa MGAAGAA NA UPWA HALI WALI MKAVU. Neema akavua viatu kwanza akapita peku, joho linaburuza. Mimi nilikuwa nashika shada na mkoba na viatu vyake nikashindwa kupiga picha hiyo, inaniuma hadi leo.

Mama_Twins_Kigamboni
Nimelia mie jaman

Mzee_wa_Kapu
Hata mimi nitamtandikia wangu. La saba ndio lakini nitatandika

BintiSaidi
Hiyo ndo iwe katikati. Na ile methali usiielezee maana, andika ilivyo, kila mtu anaijua.

jirani_wa_Mbagala
Nimerudi. Nimekaa na Neema jana usiku nikamuuliza yote. Ruhusa ya mwajiri anayo, alinionyesha barua imewekwa kwenye plastiki. Mume hapana, hata hakunijibu kwa maneno alinitazama tu. Sapu kasema yeye haoni aibu lakini isiandikwe, "wanafunzi wangu wa darasa la sita wanashika simu za mama zao, kesho nikiwaambia hesabu ni rahisi wataniangalia hivi". Beji ya shule nimeikata kwenye picha, na cheti alichokuwa kashika nimekifunika namba. Hii hapa:

"Mlango wa jiko lako nimeusoma miaka sita, leo nimekusoma wewe kwenye kitabu cha mahafali.

Nilikuwa naingia kuomba chumvi nakukuta mwiko mkononi, macho kwenye karatasi ulizobandika kwa selotepu. Ile ya saikolojia ilirukiwa na mafuta ya samaki ukagoma kuibandua mpaka mtihani upite. Alfajiri saa kumi na moja ukawa kituoni na fuko la madaftari ya watoto kama vile usiku ulilala.

Juzi mama akatandika khanga kwenye changarawe, Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, ukavua viatu ukapita peku. Viatu nilishika mimi.

Mwalimu Neema, Shahada ya Elimu, Chuo Kikuu Huria. Hongera jirani yangu. Sasa huo mlango tuupake rangi."

karani_mstaafu
Sina pa kugusa. "Viatu nilishika mimi" hiyo ndo NI- niliyokuwa naisema, umo lakini umesimama pembeni kama kwenye picha.

mchovu_wa_bumu
Nzuri, ila sapu imekosekana na mimi naendelea kuona pengo. "Kama vile usiku ulilala" ndo imebeba kidogo. Haya nimekubali nusu

Shemeji_Kitwana
Mungu hamna kabisa? Mtu kahitimu miaka sita hata alhamdulillah moja hakuna

Mama_Twins_Kigamboni
Mi pia nimeona hilo, ningeweka hata neno moja

BintiSaidi
Mi ningeacha, asante ya Mungu aiseme Neema kwenye majibu, yeye ndo aliyeombea. Jirani anasimulia alichokiona mlangoni

Shemeji_Kitwana
Hatutakubaliana hapa

jirani_wa_Mbagala
Shemeji nimekusikia, nimemuachia mwenyewe. Tumefanya alivyosema fundi, kaposti yeye kwenye akaunti yake kanitagi mimi na dada yake, kaweka maneno yangu na chini akaandika Alhamdulillah kisha "maneno ya jirani yangu". Mama yake hana Instagram, anaangalia kwenye ya dada yake Neema, wamemsomea kwa simu, akauliza kwa nini picha ya khanga haipo.

Na walimu wenzake watatu chini ya picha wanaomba picha ya mlango. Karatasi bado zipo, ile yenye doa imekakamaa kabisa, nikiigusa inatoa sauti. Neema anasema tusipake rangi kwanza.

Mzee_wa_Kapu
Hongera zenu. Sasa jamani hizo kadi?

fundi_redio
Mzee njoo inboksi, nina shemeji anachapisha